Kukata Fremu ya 4K ili Kupata Picha ya Pili ya Karibu: Mfano wa Mahojiano ya Kamera Moja Ruaha Mbuyuni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna mtafiti mwenye kamera moja anavyoweza kupata picha ya karibu kutoka katika picha pana aliyokwisha kuirekodi, bila ukungu kuonekana. Mfano unaotumika ni mahojiano niliyoyarekodi Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ambako vitunguu hulimwa kwa umwagiliaji wakati wa kiangazi. Mhojiwa, mkulima mzee, alikuwa akieleza lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake huku likihesabiwa kuwa gunia moja. Katikati ya jibu lake lori lilipita na kufunika sauti, hivyo sehemu hiyo ililazimu kuondolewa.

Vipande viwili vya fremu ileile vinapounganishwa, kichwa cha mzungumzaji huruka ghafla. Kipande cha pili kikikatwa kingo na kuwa picha ya karibu, mruko huo humezwa na badiliko la ukubwa. Hoja ya makala haya ni kwamba mbinu hii hufanikiwa ndani ya nafasi finyu iliyo kati ya vikomo viwili, na kwamba upana wa nafasi hiyo huamuliwa uwandani kabla ya kufika kwenye meza ya uhariri.

2.0 Kikomo cha juu na kikomo cha chini

Mahojiano yalirekodiwa kwa pikseli 3840 x 2160, na filamu ya mwisho ilikuwa ya 1920 x 1080. Kwa hesabu ya pikseli pekee, mhariri anaweza kuchukua nusu ya upana wa fremu, yaani kukuza mara 2, na bado kila pikseli ya filamu ikapata pikseli yake ya asili. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Katika kamera nyingi kila nukta ya kihisi hupokea rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na buluu. Rangi nyingine mbili hukadiriwa kutoka kwa nukta jirani. Kwa hiyo faili yenye pikseli 3840 kwa upana haina maelezo halisi ya kiwango hicho. Zaidi ya hayo, picha pana imepunguzwa hadi nusu, jambo linaloifanya kuwa kali sana. Mtazamaji huiona picha ya karibu mara tu baada ya hiyo, hivyo hata upungufu mdogo hujitokeza kwa kulinganishwa.

Kwa sababu hizo nilijiwekea kikomo cha mara 1.5, yaani dirisha la pikseli 2560 x 1440, ambalo bado hupunguzwa kidogo kuingia katika filamu. Kamera inayosoma takribani nukta 6000 kwa upana na kuzipunguza kuwa 3840 huruhusu kukaribia mara 2.

Kikomo cha chini kinatokana na mtazamo. Kukata kingo hakuisogezi kamera: uso unaonekana kutoka pembe ileile, na mandhari ya nyuma inabaki na uhusiano uleule na mtu. Kinachobadilika ni ukubwa tu. Ukikuza mara 1.1 au 1.2, mtazamaji hudhani kamera imegongwa. Badiliko linapaswa kuwa kubwa kiasi cha kuonekana limekusudiwa, na kwa uzoefu wangu hilo huanza karibu na mara 1.4.

Hivyo nafasi iliyobaki ni ndogo, nayo huelekeza namna ya kupanga fremu ya awali. Fremu inayoonyesha takribani sentimita 90 za mwili, kuanzia kiunoni, ikikuzwa mara 1.5 huonyesha sentimita 60, yaani kifua na kichwa. Hiyo ni picha ya karibu inayoeleweka. Fremu ya mwili mzima yenye sentimita 200 ikikuzwa vivyo hivyo hubaki na sentimita 133, na uso haujasogea vya kutosha.

3.0 Jua na tundu la lenzi

Rekodi yangu ya kwanza iliharibika kwa kosa langu. Mibuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kwa hiyo chini yake hapana kivuli cha kutosha. Nilirekodi fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Kwenye jua kali na ISO 100, mwanga sahihi kwa shata hiyo ni karibu na f/22. Nililiziba tundu la lenzi hadi hapo, na kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilionekana safi.

Tatizo ni kwamba mwanga ukipita katika tundu dogo hutawanyika, na nukta moja ya mwanga hugeuka kuwa duara. Kipenyo cha duara hilo hukadiriwa hivi:

```
d = 2.44 × 0.00055 mm × N
N = 22  : d ≈ 0.030 mm
N = 5.6 : d ≈ 0.0075 mm
```

Kihisi chenye upana wa milimita 23.5 kikigawanywa kwa pikseli 3840, kila pikseli hupata takribani milimita 0.006. Kwa f/22 duara linafunika upana wa pikseli tano hivi, kwa f/5.6 linazidi kidogo pikseli moja. Katika picha pana kasoro hiyo ilifichwa na kupunguzwa kwa picha, lakini ilipokatwa kingo, kope za mzee zilikuwa zimeyeyuka. Siku iliyofuata nilifunga filta ya kupunguza mwanga mara 16, nikarudi f/5.6 bila kubadili shata, na nikahakiki fokasi ya macho kwa kukuza picha kwenye kioo cha kamera.

4.0 Mezani

Hatari ya mwisho imo katika programu. Katika toleo la Premiere Pro nililolitumia, amri ya `Scale to Frame Size` iliipunguza picha kuwa ya ukubwa wa filamu kwanza. Ukiikuza baadaye unakuza picha ya 1920, si ya 3840. Amri ya `Set to Frame Size` iliziacha pikseli zote na kuandika 50 kwenye `Scale`. Hapo mara 1.5 ni kuandika 75, na 100 ndicho kikomo cha hesabu. Ukungu hupimwa kwenye skrini inayoonyesha pikseli zote za filamu, picha mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu, kwa kutazama kope na nyuzi za gunia. Kope zikiungana kuwa mstari mmoja, punguza ukuzaji. Kuongeza makali kwa programu hukoleza kingo tu. Hakurudishi maelezo yaliyopotea.

5.0 Hitimisho

Kikomo kimoja hakipimwi kwa pikseli. Alipoeleza lumbesa, mzee aliinua mikono kuonyesha kimo cha shumbi juu ya mdomo wa gunia. Katika picha ya karibu mikono hiyo ilikatwa, na ushahidi ukabaki katika maneno peke yake. Nilirudisha picha pana kwa sentensi hiyo na kuuhamishia ukuzaji kwenye sentensi iliyotangulia. Aidha, kwa kuwa picha ya karibu huficha mahali maneno yalipoondolewa, kila ukato wa namna hii umeorodheshwa katika kiambatisho cha tasnifu pamoja na muda wake, na rekodi isiyokatwa imehifadhiwa. Mtahini anayetazama uso ule kwa karibu anastahili kujua kwamba kamera ilikuwa moja, na kwamba kati ya sentensi mbili lori lilipita.