Gazeti la Nani? Kusoma Tahariri za Nairobi ya 1922

Tarehe 14 Machi 1922 polisi wa Nairobi walimkamata Harry Thuku, kijana aliyekuwa karani wa simu katika ofisi ya Hazina na kiongozi wa chama cha East African Association. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, ukidai aachiliwe. Askari wakafyatua risasi. Taarifa ya serikali ilitaja watu 21 waliouawa. Watu wa chama cha Thuku walisema waliokufa ni wengi zaidi.

Anayetaka kujua kwa nini umati ule ulikusanyika atapelekwa na miguu yake mwenyewe kwenye magazeti ya wakati ule, na hasa kwenye tahariri, kwa sababu habari hueleza kilichotokea lakini tahariri hudai kueleza sababu. Katika magazeti ya Wazungu wa Kenya ya miaka ile sababu iliyorudiwa ni moja: Waafrika hawana malalamiko yao wenyewe, ila wamechochewa na Wahindi. Maelezo hayo yamepangwa vizuri, yameandikwa siku zile zile, na mwandishi wake aliishi mji ule ule. Mwanafunzi ananakili, anaweka tarehe, anaendelea. Hapo ndipo anapotegwa.

Aanze na swali la mwenye gazeti. Chukua East African Standard, lililokuja kuwa gazeti kubwa kuliko yote Kenya. Lilizaliwa Mombasa mwaka 1902 kwa jina la African Standard, na mwenyewe alikuwa Mhindi, mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, aliyemwajiri Mwingereza kuwa mhariri. Mwaka 1905 Jeevanjee aliliuza kwa Wazungu, wakalibadilisha jina, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Kwa hiyo mtu anayetaja “msimamo wa Standard kuhusu Wahindi” bila kutaja mwaka hajasema kitu. Gazeti la 1903 na gazeti la 1922 yanakaa rafu moja kwenye maktaba, lakini mfuko uliolipia karatasi na wino si ule ule. Habari za umiliki mara nyingi hazimo ndani ya tahariri yenyewe. Zitafute katika maandishi madogo ya chini ya ukurasa wa mwisho, ambako mchapishaji hutajwa, na katika matangazo ya biashara. Ukiona kurasa zimejaa matangazo ya majembe ya trekta, mashamba yanayouzwa na meli za kwenda Uingereza, umeshajua ni nani asiyetakiwa kuudhiwa.

Matangazo hayo yanatufikisha kwa msomaji, naye ndiye ninayemwona wa maana kuliko mmiliki. Sensa ya 1921 ilihesabu Wazungu wasiofika 10,000 katika Kenya nzima, na Wahindi zaidi ya 22,000. Wahindi walikuwa wakidai daftari moja la wapiga kura pamoja na Wazungu, na haki ya kununua ardhi katika nyanda za juu. Walowezi waliliona dai hilo kama tishio kwa kila walichokuwa nacho. Shauri lilikuwa bado linabishaniwa London, na lilikuja kuamuliwa kwa Waraka wa Devonshire wa 1923. Sasa rudi kwenye tahariri ya Machi 1922. Msomaji wake ni mlowezi aliyekwisha kumwogopa Mhindi kabla hajalifungua gazeti, na nyuma ya huyo yuko afisa wa London ambaye huenda akasomewa dondoo zake. Kumwambia msomaji wa namna hiyo kwamba damu ya Nairobi ililetwa na Wahindi ni kupiga kampeni. Kama ushahidi wa mawazo ya umati, tahariri hiyo ni dhaifu sana. Kama ushahidi wa hoja ambayo walowezi waliitumia kuelekea 1923, ni hati ya daraja la kwanza.

Tofauti hiyo ndiyo kazi nzima. Hati ni ile ile, kilichobadilika ni swali linaloulizwa.

Haimaanishi kwamba kila kilichomo ni uongo. Thuku kweli alishirikiana na Wahindi. Vipeperushi vyake vilipigwa chapa kwenye mtambo wa East African Chronicle, gazeti la M. A. Desai, na simu ya maandishi aliyoipeleka London mwaka 1921 iliwataja Wahindi kuwa marafiki wa Waafrika. Tahariri ilichukua jambo la kweli na kulifanya liwe sababu ya kila kitu. Ili kulipima, liweke kando ya mambo ambayo hayakuhitaji mchochezi: kodi iliyopandishwa baada ya Vita Kuu, kipande ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, na uamuzi wa waajiri wa Kizungu mwaka 1921 wa kupunguza mshahara kwa theluthi moja. Tahariri za walowezi zenyewe husaidia hapa bila kukusudia. Pale mhariri anapolalamika kwamba vibarua ni wagumu kupatikana, au anapotetea punguzo la mshahara, hana haja ya kuuficha ukweli huo, kwa kuwa wasomaji wake wanaujua na wanaukubali. Maneno yanayomponyoka mwandishi akiwa na jambo jingine akilini mara nyingi ni ya kuaminika kuliko yale anayoyasisitiza.

Inabaki serikali. Watu hudhani udhibiti ni afisa mwenye kalamu nyekundu akifuta mistari. Kenya ya 1922 haikuhitaji hilo. Chronicle lilivamiwa na kufungwa mwaka ule ule, na Thuku akapelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani, asirudi hadi mwisho wa 1930. Magazeti ya walowezi yaliendelea kutoka. Matokeo yake unayaona kwenye rafu: upande mmoja una mfululizo mrefu wa majuzuu, upande wa pili unakatika. Mtafiti asipokuwa mwangalifu atahesabu tahariri, akute nyingi zinasema jambo moja, kisha aandike kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa maoni ya umma. Amehesabu waliobakizwa. Hata gazeti lililoponea huandika likijua la jirani limefungwa, kwa hiyo ukimya wake baada ya tarehe fulani usiusome kama ridhaa. Tengeneza orodha ya tarehe za mashtaka, mabadiliko ya sheria na kufungwa kwa mitambo, uiweke kando ya tahariri unazosoma, utaona sauti ikibadilika wapi.

Kwa shauri hili la Machi 1922 kuna vya kulinganisha. Serikali ya Uingereza ilichapisha karatasi rasmi za tukio mwaka ule ule, nazo zina hesabu ya wafu na ripoti za polisi waliofyatua risasi, watu wenye sababu ya kujitetea. Thuku mwenyewe alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1970, karibu miaka 50 baadaye, akiwa mzee aliyekwisha kubadilika kisiasa. Wazee wa Kikuyu walisimulia habari za Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakejeli wanaume kwa kusitasita kwao, akauawa pale pale. Simulia hilo, na lile la Wazungu waliodaiwa kupiga risasi kutoka kwenye baraza la hoteli ya Norfolk, kisha itazame tahariri uone kama linatajwa. Kama halimo, jiulize ni msomaji yupi angekosa raha kulisoma.

Basi ukifika kwenye kuandika, usiandike kwamba Wahindi waliuchochea umati wa Nairobi, ukaweka rejeo la gazeti chini. Taja jina la gazeti na siku yake, taja mwenyewe, halafu andika kwamba liliwaambia walowezi hivyo wakati shauri la Wahindi lilikuwa bado halijaamuliwa London. Sentensi hiyo ni ndefu zaidi, lakini ndiyo peke yake ambayo tahariri ile inaweza kuithibitisha.