Katikati ya Neno Ndipo Jicho Linapokwama

Tazama maneno haya mawili: waliohakikiwa na watakaohakikiwa. Yote yanaanza na wa, na yote yanaishia na ohakikiwa. Kinachoyatenganisha ni li na taka, silabi zilizokaa ndani ya neno. Kwa mstaafu anayesoma tangazo la pensheni, hizo ndizo zinazomweleza kama shughuli yake imekwisha au bado anatakiwa kufika ofisini na kitambulisho. Na ndani ya neno ndipo jicho linapohangaika zaidi.

Mwaka 1970, mtafiti wa Uholanzi Herman Bouma alieleza kwa vipimo jambo ambalo leo wataalamu wa kuona huliita msongamano. Herufi inayosomeka vizuri ikiwa peke yake hupotea ikizungukwa na nyingine, hasa inapokuwa pembeni kidogo ya pale jicho linapotazama. Herufi ya kwanza na ya mwisho zina upande mmoja ulio wazi, kwa hiyo hupona. Za katikati zimebanwa kushoto na kulia. Kiswahili huweka humo humo alama za wakati, za urejeshi na za mtendwa, kwa hiyo msomaji wetu akikisia katikati ya neno, hukisia maana yenyewe.

Msongamano huu huwaelemea makundi mawili kwa sababu tofauti. Mwenye disleksia hupata shida hasa ya kuunganisha herufi na sauti zake, jambo lisilohusiana na uvivu wala upungufu wa akili, na herufi zilizobanana humwongezea mzigo. Mzee naye lenzi ya jicho lake imekakamaa na kuingia umanjano, na mboni haipanuki kama zamani. Mtu wa miaka 60 hupata kwenye retina takriban theluthi moja ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Mistari myembamba ya herufi hufifia kwake hata akivaa miwani.

Utafiti wa Marco Zorzi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, uliwasomesha watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia maandishi ya pointi 14, mara moja yakiwa ya kawaida, na mara nyingine yakiwa yameongezewa pointi 2.5 kati ya herufi na herufi. Kasi ya kusoma ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa wastani, na makosa yakapungua kwa nusu. Watoto hawakupewa mazoezi yoyote ya ziada. Wasomaji wasio na disleksia hawakupata faida hiyo.

Matokeo hayo yanatusaidia pia kupima fonti zinazotangazwa kuwa ni za wenye disleksia. Watafiti wa Australia walipoipima mojawapo, Dyslexie, mwaka 2016, waliona wanafunzi wakisoma haraka kidogo kuliko kwa Arial. Walipoipa Arial nafasi zilezile kati ya herufi na maneno, tofauti ikaondoka. Kilichosaidia kilikuwa nafasi, wala si umbo la herufi.

Sasa tuchukue tangazo lenyewe, kama linavyochapwa steshenari nyingi. Limeandikwa kwa pointi 12, safu mbili, kingo zimenyooshwa kushoto na kulia, kichwa kimewekwa katikati, na ujumbe mzito uko kwa herufi kubwa za mlazo: WALIOHAKIKIWA MACHI HAWATAHITAJI KURUDI, WATAKAOHAKIKIWA APRILI WAJE NA KITAMBULISHO.

Tuanze na kingo. Safu nyembamba hubeba takriban herufi 35 kwa mstari. Watakaohakikiwa peke yake lina herufi 15. Likikosa nafasi kidogo tu, neno zima linashuka chini, na pengo linaloachwa hugawanywa kwenye nafasi mbili au tatu za mstari uliobaki. Matundu hayo yakikutana mstari kwa mstari huunda mifereji myeupe inayoteremka ukurasani, na jicho huifuata hiyo badala ya kufuata sentensi. Lugha yenye maneno mafupi huumia kidogo, yetu huumia sana. Dawa yake ni safu moja iliyonyooshwa kushoto tu. Ukingo wa kulia ukiingia na kutoka ni vizuri, kwa sababu humsaidia msomaji kutambua yuko mstari upi. Kuweka aya nzima katikati nako hakufai, kwani kila mstari huanzia mahali pengine na jicho halijui lirudi wapi.

Pili ni nafasi kati ya mistari. Kila mstari ukiisha, jicho huruka kurudi kushoto na kushuka hatua moja. Mistari ikibanana, hutua juu ya mstari uleule au huruka mmoja. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za wavuti, WCAG, hutumia kipimo cha mara 1.5 ya ukubwa wa herufi. Kwa pointi 14 hiyo ni pointi 21. Hapa wengi hujichanganya: ukichagua 1.5 kwenye Word, programu huzidisha nafasi ya kawaida ya fonti, ambayo tayari imezidi ukubwa wa herufi, na unapata zaidi ya 21. Ukitaka 21 kamili, fungua Paragraph, kwenye Line spacing chagua Exactly, kisha andika 21 pt. Usizidishe mno, maana mistari ikiachana sana aya husambaratika na kila mstari huonekana kama habari yake mwenyewe.

Kwa nafasi ya herufi, fungua Font, kisha Advanced, na kwenye Spacing chagua Expanded, 1 pt. Tazama maneno yasianze kugusana kwa macho. Herufi zikiachana sana bila nafasi ya maneno kuongezeka vya kutosha, sentensi nzima huonekana neno moja. Yakianza kuungana, punguza.

Tatu ni herufi zenyewe. Kwa herufi ndogo, li na taka hazifanani hata kwa mbali: l, t na k hupanda juu, i ina nukta. Kwa herufi kubwa zote huwa na kimo kimoja, na LI na TAKA huzama kwenye ukuta mmoja. Herufi za mlazo huongeza tatizo, kwa kuwa huinama zikasogeleana na mara nyingi mistari yake ni myembamba. Ukitaka kusisitiza, koza neno moja au mawili tu.

Zipo hoja za kutetea herufi kubwa, na zina ukweli. Mwaka 2007 Aries Arditi na Jianna Cho walionyesha kwamba maandishi yakiwa madogo sana, wenye uoni hafifu husoma herufi kubwa haraka zaidi, kwa sababu ni kubwa zaidi kwa pointi zilezile. Kwa hiyo mzee anayesema zinamsaidia anachohitaji ni ukubwa. Mpe pointi 16 au 18 za herufi ndogo.

Fonti nayo ichaguliwe kwa macho. Andika Ilala kwa Arial: I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana. Iandike kwa Verdana, na I hupata vijistari juu na chini.

Kabla ya kuchapa nakala zote, mpe mzee mmoja asome kwa sauti. Akirudia mstari, ongeza nafasi kati ya mistari. Akianza neno sawasawa kisha akasema waliohakikiwa mahali pa watakaohakikiwa, herufi zimebanana au ni ndogo. Akisogeza karatasi mbali au akaipeleka dirishani, tatizo ni ukubwa au mwanga, na hakuna nafasi itakayolitibu.