Anayeingiza Asiidhinishe

Meneja wa SACCOS anapoiandikia bodi baada ya rekodi za mikopo kuchezewa, barua yake ianze na ushahidi. Tuseme deni la mwanachama limeshuka kutoka shilingi 1,800,000 hadi 800,000, na siku hiyo hakuna stakabadhi wala pesa iliyoingia benki. Mfumo unaonyesha jina la karani wa mikopo, lakini nywila yake inajulikana ofisi nzima. Hapo ni rahisi mno kumwonea mtu.

Kwa hiyo kila mtumishi apewe nywila yake, na anayeingiza marekebisho asiyaidhinishe. Meneja mwenyewe asiweze kufuta kumbukumbu za mabadiliko. Kamati ya usimamizi izilinganishe kila mwezi na vitabu vya wanachama, maana watumishi wawili wakila njama, idhini pekee haitoshi.