Eafoni Inajuaje Kwamba Imetoka Sikioni?

Eafoni isiyo na waya haijui sikio ni nini. Inachojua ni kiasi cha mwanga kinachoirudia. Katika AirPods za kwanza, zilizoingia sokoni Desemba 2016, na katika eafoni nyingi za namna hiyo, kuna kidirisha kidogo cheusi upande unaogusa ngozi. Nyuma yake mna kitaa kinachotoa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na kando yake kipokea mwanga. Eafoni ikiwa sikioni, ngozi iko karibu na kidirisha, hivyo mwanga mwingi hurudi. Ikichomolewa, mwanga hupotelea hewani. Kipimo kikishuka, eafoni huiarifu simu kwa Bluetooth isimamishe muziki.

Kwa kawaida mpaka huo huwekwa mara mbili: kipimo cha juu cha kusema "imevaliwa" na cha chini cha kusema "imevuliwa". Kati ya hapo hali iliyokuwapo huendelea. Ungekuwa mpaka mmoja tu, kila tonge la ugali lingekata wimbo, kwa kuwa taya ikitafuna, tundu la sikio nalo hubadilika umbo.

Hata hivyo kihisi hudanganyika. Kiganja kilichofumbwa au kitambaa cha mfukoni nacho hurudisha mwanga, basi muziki hulia bila msikilizaji. Nta ya sikio ni mkorofi zaidi, maana hukosea kwa njia mbili. Utando mwembamba juu ya kidirisha hurudisha mwanga ndani kabla haujatoka, na eafoni hudhani imevaliwa hata ikiwa mezani. Uchafu mzito huziba mwanga kabisa, na wimbo hukatika ilhali eafoni iko sikioni.

Chukua mtu ambaye muziki wake hukatika kila akikimbia. Aitoe eafoni moja, wimbo usimame, kisha afunike kidirisha kwa kidole. Vikiwa viwili, avifunike vyote. Wimbo ukirudi, kihisi ni kizima. Kosa ni eafoni kulegea, na huenda mpira wa saizi nyingine ukamaliza tatizo. Usiporudi, kidirisha kifutwe kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, bila kukwaruza, kisha jaribio lirudiwe.

AirPods za kizazi cha 3, za mwaka 2021, zilikuja na njia nyingine. Kihisi chake hutumia infraredi ya mawimbi ya urefu tofauti, ambayo maji yaliyomo katika ngozi huyafyonza kwa viwango tofauti. Meza na mfuko havina maji ya namna hiyo, kwa hiyo ni vigumu zaidi kujifanya sikio.

Aliyechoshwa na kukatikakatika anaweza kuzima "Automatic Ear Detection" katika mipangilio ya AirPods kwenye iPhone. Tangu hapo sauti itaendelea kwenda kwenye eafoni, zivaliwe zisivaliwe, mpaka aisimamishe mwenyewe.