Homa ya Siku ya Kumi na Tatu

Huko Akheri, Poli na Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ng'ombe wengi wa maziwa hulishwa bandani. Mfugaji hukata majani na kuyaleta hapo. Watu hudhani ng'ombe wa bandani yuko salama na kupe, lakini kupe huja ndani ya mzigo wa majani, na akiwa yule wa masikio mwenye vimelea vya ndigana kali, ndama huweza kufa wiki chache baadaye. Ndiyo maana ndama huchanjwa, na ndiyo maana daktari tarajali wa mifugo anayeanza kazi Arusha atakutana mapema na kadi ya chanjo hii.

Chanjo ya ndigana kali, ambayo kwenye kadi huandikwa ITM, ina vimelea hai. Huhifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni kimiminika, na ikishayeyushwa ni lazima itumike ndani ya saa chache. Ndama huchomwa chini ya ngozi karibu na sikio, na papo hapo hupewa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini. Kwa hiyo mnyama anaambukizwa kwa makusudi huku dawa ikiuzuia ugonjwa usikolee. Dawa ikipungua, ugonjwa hukolea.

Tuchukue ndama mmoja wa mfano. Mstari wake wa kwanza unasomeka hivi:

04 Machi 2024. Hereni 0417, jike, miezi 3. BW 60 kg (utepe). T 38.7 °C. ITM 1 ml SC, sikio la kushoto, toleo la chanjo limebandikwa. Oksitetrasaiklini 30% LA, 30 mg/kg = 1800 mg = 6 ml IM, shingo kulia.

BW ni uzito wa mwili, T ni joto, SC ni chini ya ngozi, IM ni kwenye msuli, LA ni dawa ya muda mrefu. Hivi ni vifupisho ambavyo daktari yeyote atakayeishika kadi atavisoma vilevile. Jina la dawa halikufupishwa, na mimi nalishikilia hilo kwa nguvu. Wengi huandika "OTC 6 ml" na kuondoka. Lakini madukani kuna chupa za asilimia 10, 20 na 30. Mililita 6 za asilimia 30 ni miligramu 1800. Za asilimia 10 ni 600 tu, yaani miligramu 10 kwa kilo, kiasi kisichotosha kabisa kumkinga ndama huyu. Mililita peke yake haisemi kitu mpaka nguvu ya dawa iandikwe kando yake.

Siku ya 13 mfugaji anapiga simu: ndama amezubaa na hanyonyi vizuri. Anayekwenda ni daktari mwingine. Anapima T 40.6 °C, anakuta tezi chini ya sikio la kushoto imevimba, anachukua majimaji ya tezi, na hadubini inaonyesha vimelea vya ndigana. Je, hii ni chanjo iliyozidi nguvu, au kupe alimwambukiza kabla hajachanjwa? Hadubini haiwezi kumjibu, kwa sababu vimelea vya chanjo na vya porini vinafanana machoni. Kilichobaki ni kadi. Tarehe inaangukia katika kipindi ambacho ndama wachache huitikia chanjo kwa homa, sikio ni lile lile lililochomwa, na dozi ya kinga ilikuwa kamili. Uwezekano unaegemea kwenye chanjo, ingawa uambukizo wa kupe hauondolewi. Tiba ni moja kwa vyote viwili, lakini kama ni chanjo, ni lazima wenzake waliochanjwa kwa toleo hilo wapimwe joto siku hiyo hiyo.

17 Machi 2024. Siku 13 baada ya ITM. T 40.6 °C. Vimelea kwenye tezi: vipo. Buparvakwoni 50 mg/ml, 2.5 mg/kg = 150 mg = 3 ml IM, shingo kushoto. Apimwe tena 19 Machi. Homa ikiendelea, dozi irudiwe.

Angalia "19 Machi". Angeweza kuandika q48h, na si kosa, lakini tarehe humfaa hata mfugaji. Kwa dawa za kila siku nashauri q24h badala ya SID, kwa sababu SID ya mkono wa haraka husomeka BID na mnyama akapata dozi maradufu. Vivyo hivyo 3 ml isiandikwe 3.0 ml, maana nukta ikififia inakuwa 30.

Neno "utepe" pale kwenye uzito nalo lina kazi yake. Utepe wa kifuani hukadiria tu, na ndama aliyekonda au mwenye tumbo kubwa huupotosha. Aliyekadiriwa kwa macho aandikiwe "macho". Daktari wa pili akijua uzito ulipatikanaje, atajua ni kiasi gani cha kuiamini ile dozi ya kinga.

Nakala moja hubaki kwa mfugaji. Chanjo hii hutolewa mara moja tu, na ndama akiuzwa kwenda Ngaramtoni au mbali zaidi, mnunuzi atamtambua kwa hereni na kadi inayotaja namba hiyo hiyo.