Mtoto Amekuja Kabla ya Notisi: Hivi Ndio Unaandikia Bosi

Manze, tuchukue dem anapiga kazi jikoni kwa hoteli moja Diani, lakini kwao ni Kikoneni. Kitabu chake cha kliniki kinasema atajifungua tarehe 24 Mei. Amejipanga poa: notisi ataandika tarehe 8, livu ianze 18. Wikendi ya ofu akaenda kucheki mathee, na usiku wa tarehe 2 uchungu ukaanza. Asubuhi ya tarehe 3 ako kituo cha afya na mtoto mkononi, na kazini hakuna msee anajua.

Hapa ndio wengi huchoma. Wanadhani siku saba za notisi zikikosekana livu imeenda, halafu wanaandika kama mtu ameshikwa akiiba. Zii. Soma Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29(4). Inataka notisi ya angalau siku saba, lakini papo hapo inakubali muda mfupi zaidi kama hali yenyewe inaeleweka. Kwa hivyo huombi huruma hapo, unaonyesha tu hali ilikuwa gani.

Sheria inataka notisi iwe ya maandishi. Kupigia supavaiza simu ni poa ili wapange zamu, lakini usiishie hapo. Siku hiyo hiyo ukipata nguvu, tuma kitu kama hii:

“Natoa notisi ya livu ya uzazi kuanzia leo tarehe 3 Mei. Nitarudi kazini tarehe 3 Agosti. Nilikuwa nilete notisi tarehe 8, kwa kuwa kliniki ilinipa tarehe 24 Mei. Nimejifungua mapema leo asubuhi nikiwa Kikoneni, ndiyo maana sikuweza kuandika kabla. Nimeambatisha picha ya kitabu cha kliniki na barua ya mkunga.”

Cheki hiyo tarehe 24. Ndio inakutetea, juu inaonyesha ulikuwa bado ndani ya wakati wako. Ukiandika tu “dharura ya kifamilia” meneja hana kitu ya kupima. Kusema kwamba utarudi kazini pia watu husahau, na sheria inataka useme. Barua ya mkunga mwajiri ana haki ya kuidai, basi itume kabla aulize.

Lakini usichanganye hii na livu ya mwaka, zile siku 21. Huko siku za notisi zinatoka kwa mkataba wako ama sheria za kampuni. Ukichelewa, sema ulijua lini na kwa nini haikuwezekana kabla, taja nani atashika zamu yako, halafu ngoja jibu. Usipande matatu ya Ukunda kwenda Kikoneni ukidhani kimya ni ndiyo: kukosa kazini bila ruhusa ama sababu halali kunaweza kukufutisha papo hapo, kifungu cha 44(4).