Daftari la Fundi Cherehani

Mteja ameleta kitenge yadi 4 anataka gauni la kubana. Fundi anashika futi na kuandika mstari mmoja: gauni, kifua 38, kiuno 31, nyonga 42, urefu 46, zote inchi.

Hapo kwenye kifua ndipo nguo nyingi huharibikia. Namba 38 ni ya mwili wenyewe, futi ikiwa imelala bila kubana. Nguo isiyovutika ikishonwa 38 kamili, mvaaji hawezi kuinua mkono wala kukaa vizuri, kwa hiyo fundi huongeza nafasi ya kupumulia, tuseme inchi 2. Akiandika 40 bila maelezo, msaidizi anayekata kesho ataona ni kipimo cha mwili na kuongeza 2 nyingine. Gauni litatoka 42 na kupwaya kwapani. Ndiyo maana naona daftari libaki na vipimo vya mwili tu, na nyongeza ihesabiwe wakati wa kukata.

Safu ya kitambaa iandikwe yadi zilizopokelewa, rangi, na kipande kidogo kibanwe kwa pini, maana vitenge hufanana.

Bei ni 30,000, ametanguliza 18,000, baki 12,000. Baki iandikwe palepale, mteja akiona.

Sherehe ni Jumamosi. Tarehe ya kuchukua iwe Alhamisi, si Ijumaa jioni: akijaribu na kiuno kikabana, fundi bado ana siku nzima ya kufumua na kushona upya, mradi aliacha akiba kwenye mshono.